Uzi Mweusi Pembeni mwa Picha Iliyokatwa

Chukua bango la kawaida la tamasha la muziki. Mwimbaji amevaa gauni jekundu, na nyuma yake kuna migomba ya kijani kibichi. Gauni lilipigwa picha studio, migomba ilipigwa kwingine, kisha mtu wa usanifu akavikutanisha kwenye kompyuta. Ukataji umefanywa kwa uangalifu, mstari umefuata bega na kiuno bila kukosea. Lakini ukisogea karibu, gauni lote limezungukwa na uzi mwembamba wa kahawia iliyokolea. Rangi hiyo haimo kwenye gauni, wala haimo kwenye majani.

Wasanifu wengi wakiuona uzi huo hulaumu mkasi. Hurudi kwenye picha, wakapunguza pikseli moja pembeni, wakalainisha ukingo, wakapunguza tena. Uzi hausogei popote, au huhamia ndani kidogo na kula sehemu ya gauni. Hausogei kwa sababu haukuletwa na ukataji. Umeletwa na hesabu ambayo programu hufanya pale rangi mbili zinapokutana, na hesabu hiyo imekosewa tangu mwanzo.

Ukingo laini wa picha iliyokatwa haundwi na pikseli zilizomo ama zisizomo tu. Katikati yake zipo pikseli ambazo kitu kimezifunika nusu, robo au sehemu ndogo zaidi. Ndiyo maana kila pikseli, mbali na namba zake tatu za nyekundu, kijani na buluu, hubeba namba ya nne iitwayo alfa, inayoeleza ni sehemu gani ya pikseli iliyofunikwa. Wazo hilo lilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 katika taasisi ya teknolojia ya New York, mikononi mwa Ed Catmull na Alvy Ray Smith. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff, waliokuwa wakifanya kazi Lucasfilm, walichapisha kanuni ambazo programu za picha bado zinazitumia: chukua rangi ya mbele kwa kiasi cha alfa, jazia kilichobaki kwa rangi ya nyuma. Alfa ikiwa nusu, chukua nusu ya hii na nusu ya ile.

Kanuni hiyo ni sahihi kabisa. Shida ni kujua nusu ya nini.

Kwenye faili la kawaida la picha, kila rangi huandikwa kwa namba kuanzia 0 hadi 255. Mtu angedhani 128 ni nusu ya mwanga wa 255. Sivyo. Skrini ikionyesha 128 hutoa takribani asilimia 22 tu ya mwanga unaotolewa na 255. Ili kupata nusu kamili ya mwanga, inabidi kuandika 188. Namba za faili hazipandi sambamba na mwanga. Zimepindishwa makusudi, na upindaji huo ndio uitwao gama.

Chanzo chake ni runinga za zamani zenye kioo kizito na mgongo mrefu. Ndani ya kioo kile, mwanga haukuongezeka sawasawa na umeme uliopelekwa: uliongezeka karibu kwa kipeo cha 2.5, kiasi kwamba nusu ya umeme ilitoa chini ya robo ya mwanga. Badala ya kuweka kifaa cha kurekebisha ndani ya kila runinga, wahandisi waliipindisha ishara upande wa pili kwenye mitambo ya kurushia matangazo, na hali hizo mbili zikafutana. Kompyuta zilirithi desturi hiyo. Mwaka 1996 kampuni za Hewlett-Packard na Microsoft zilipendekeza utaratibu wa rangi uitwao sRGB, ambao mwaka 1999 ulipitishwa kuwa kiwango cha kimataifa, na hadi leo picha nyingi za simu na za mtandaoni huandikwa kwa utaratibu huo.

Vioo vile vizito vimeshatoweka madukani, lakini gama ilibaki kwa sababu nzuri. Jicho la mtu hutambua tofauti ndogo kwenye giza kuliko kwenye mwanga mkali, na gama hutenga namba nyingi zaidi kwa ajili ya rangi za giza. Kwa kuhifadhi picha, ni mpango wa busara. Kwa kuchanganya rangi, ni mtego.

Mtego wenyewe unaonekana vizuri kwa mashamba mawili ya mraba. La kwanza lina upande wa hatua 2, la pili upande wa hatua 10. Mtu akitaka shamba la tatu ambalo ukubwa wake ni wastani wa hayo mawili, akachukua wastani wa pande, atapata upande wa hatua 6, yaani eneo la 36. Lakini eneo la shamba la kwanza ni 4 na la pili ni 100, na wastani wake ni 52. Aliyepima pande amepunjwa, na atapunjwa kila mara mashamba yanapotofautiana. Namba ya pikseli ndiyo upande, mwanga ndio eneo. Programu inayochanganya namba za faili kama zilivyo huchukua wastani wa pande ikidhani imechukua wastani wa maeneo, na jibu lake daima huwa giza kuliko inavyotakiwa, isipokuwa pale rangi mbili zinapolingana.

Sasa turudi kwenye gauni. Ili hesabu iwe nyepesi, tuchukue nyekundu kamili, yaani 255, 0, 0, na kijani kamili, 0, 255, 0. Pikseli ya ukingoni imefunikwa nusu. Programu inagawanya namba kwa mbili na kupata 128, 128, 0. Hiyo ni kahawia ya matope. Kwa hesabu ya mwanga, jibu lilipaswa kuwa 188, 188, 0, rangi ya manjano iliyotulia ambayo jicho huipitia bila kusimama.

Tofauti hiyo si ndogo. Jicho halioni rangi zote kwa mng'ao uleule: kwenye sRGB, nyekundu kamili ina takribani asilimia 21 ya mng'ao wa nyeupe, na kijani kamili ina karibu 72. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu ulipaswa kuangukia katikati, kwenye asilimia 46 hivi. Ule uliopigwa kwa namba za faili una asilimia 20 tu. Kwa maneno mengine, ukingo umekuwa giza kuliko kijani, na giza kuliko hata nyekundu. Hapo ndipo uzi mweusi unapozaliwa, na ndiyo maana kuusogeza mkasi hakusaidii: popote ukingo utakapohamia, pikseli za nusu zitakwenda nao.

Rangi za kweli si kali kiasi hicho, kwa hiyo uzi wa kweli huwa hafifu kuliko wa mfano huu. Lakini huonekana zaidi pale ambapo ukingo ni mpana: kitambaa kilichopeperuka wakati picha inapigwa, bega lililo nje ya fokasi, ushungi mwepesi wa bibi harusi. Hapo pikseli za nusu si mstari mmoja tena, ni ukanda mzima.

Uzi mweupe una hadithi tofauti kidogo, na unawahusu sana wapigapicha wa Afrika Mashariki, kwa sababu hujitokeza hasa kwenye nywele nyeusi za kipilipili au afro zilizopigwa picha mbele ya ukuta mweupe wa studio. Nywele za namna hiyo hazina mstari wa mwisho. Pembeni ya kichwa karibu kila pikseli ni mchanganyiko wa nywele na ukuta.

Mchanganyiko huo haukufanywa na programu. Ulifanywa na lenzi, na lenzi huchanganya mwanga halisi. Pikseli iliyofunikwa nusu na nywele nyeusi tii na nusu na ukuta mweupe ilipokea nusu ya mwanga, na kwenye faili ikaandikwa 188. Msanifu akitaka kuhamishia nywele hizo kwenye picha nyingine, ni lazima kwanza auondoe ukuta uliomo ndani ya pikseli hiyo. Programu nyingi zina kitufe cha kusafisha rangi za ukingoni, na baadhi yake hufanya kazi hiyo kwa kutoa: pikseli yote, toa nusu ya nyeupe, kinachobaki ni mchango wa nywele.

Kutoa huko kukifanywa kwa namba za faili, mambo huharibika. Nusu ya 255 ni 127 na nusu. Ukitoa kwenye 188 unabaki na 60 na nusu, na kwa kuwa hiyo ni nusu ya nywele, rangi kamili ya nywele inatangazwa kuwa 121. Nywele ambazo zilikuwa nyeusi tii zimegeuka kijivu cha wastani, chenye takribani asilimia 19 ya mwanga wa nyeupe. Fanya hesabu ileile kwa mwanga: pikseli ina nusu ya mwanga, ukuta ulichangia nusu, kinachobaki ni sifuri. Nyeusi, kama ilivyokuwa kichwani mwa mtu.

Mweke mtu huyo sasa mbele ya anga la usiku lenye rangi ya 0, 0, 60. Kwa njia ya kwanza ukingo wa nywele utakuwa karibu 60, 60, 90, kijivu kinachong'aa kuzunguka kichwa chote. Kwa njia ya mwanga utakuwa 0, 0, 41, yaani buluu ya usiku iliyozibwa nusu na nywele. Jicho halitauona ukingo huo wa pili, na hilo ndilo linalotafutwa.

Dawa, basi, ina hatua tatu. Kwanza, zirudishe namba za faili kuwa mwanga. Pili, fanya kazi yote ya kuchanganya, kulainisha au kupunguza ukubwa ukiwa kwenye mwanga huo. Tatu, mwishoni kabisa, rudisha matokeo kwenye namba za faili. Kwa sRGB, hatua ya kwanza huandikwa hivi, kwa namba yoyote inayozidi 10. Zilizo chini yake hugawanywa tu kwa 255 na kisha kwa 12.92:

```
mwanga = ((namba/255 + 0.055) / 1.055) ^ 2.4
```

Anayetaka kuhakikisha aweke 128 kwenye kikokotoo, atapata 0.216. Akiweka 188 atapata 0.503. Hesabu hii ni ya rangi tatu tu. Alfa haiguswi kamwe, kwa sababu alfa si mwanga, ni kipimo cha eneo lililofunikwa, na nusu yake ni nusu kweli. Anayeandika programu na kuipitisha alfa kwenye kanuni hii huzalisha ukingo mpya mbovu mahali pa ule wa zamani.

Kuna sharti jingine linalosahaulika. Ukishageuza picha kuwa mwanga, biti 8 hazitoshi kuihifadhi. Hatua moja tu ya mwanga kati ya 255, yaani kutoka giza kamili hadi ngazi ya kwanza, ni sawa na kuruka kutoka 0 hadi karibu 13 kwenye namba za kawaida. Ngazi zote za katikati, ambamo hukaa mikunjo ya suti nyeusi na vivuli vya usoni, hupotea na kuacha mistari iliyokatika. Ndiyo maana kazi ya mwanga hufanywa kwa biti 16 au 32. Watengenezaji wa filamu walilielewa hili mapema. Mwaka 2003 studio ya Industrial Light & Magic iliitoa kwa umma aina ya faili iitwayo OpenEXR, ambayo desturi yake ni kuhifadhi mwanga wenyewe kwa namba za biti 16 zenye desimali. Programu za filamu kama Nuke, na ya bure kama Blender, huchanganya picha kwa mwanga bila kuulizwa.

Kwa msanifu wa mabango na kadi, mambo hayako hivyo. Photoshop kwa kawaida huchanganya leya za biti 8 na 16 kwa namba za faili. Kinga ipo, lakini imefichwa: fungua `Edit`, kisha `Color Settings`, bofya `More Options`, na chini kabisa weka alama kwenye `Blend RGB Colors Using Gamma` na uache thamani ya `1.00`. GIMP ilibadilika toleo la 2.10 lilipotoka Aprili 2018. Tangu hapo hali ya kawaida ya leya huchanganya kwa mwanga, na anayetaka uhakika anaweza kubofya leya kwa kitufe cha kulia na kuchagua `Composite Space`, halafu `RGB (linear)`. Tahadhari iko kwenye kazi za zamani: faili lililotengenezwa kwa toleo la kabla ya hapo hufunguka na hali za leya za kundi la `Legacy`, ili lisibadilike sura, na uzi wake hufunguka nalo.

Wapo watakaofuata maelekezo haya na kushangaa kuona uzi mweupe ukizidi badala ya kupungua. Hilo hutokea, na lina maelezo. Mtu aliyezikata nywele zile kutoka kwenye ukuta mweupe bila kuondoa rangi ya ukuta bado anabeba 188 kwenye kila pikseli ya nusu. Akiiweka juu ya nyeusi kwa njia ya zamani, hupata 94. Kwa njia ya mwanga hupata 137. Hesabu ya kwanza iliutia giza ukingo mzima na hivyo kuufunika uchafu. Hesabu sahihi imeufichua. Asirudi nyuma: asafishe rangi ya ukingo kwanza, kwa mkono au kwa kifaa kinachofanya kazi kwa mwanga, kisha achanganye.

Namna ya kutambua uzi umetoka wapi ni rahisi. Weka picha iliyokatwa juu ya rangi moja tambarare inayofanana kabisa na sehemu ya pembeni ya kitu chenyewe, kwa mfano gauni jekundu juu ya nyekundu ileile. Uzi ukitoweka, kosa ni la gama, kwa sababu rangi mbili zinazolingana zikichanganywa kwa njia yoyote hutoa rangi hiyohiyo. Uzi ukibaki, umo ndani ya pikseli zenyewe: ni mabaki ya ukuta wa studio, au ni rangi nyeusi au nyeupe iliyojificha kwenye sehemu zisizoonekana za faili, ikavutwa ukingoni picha ilipopunguzwa ukubwa. Huo hauponywi kwa kubadili namna ya kuchanganya.

Asiyeamini kwamba 188 ndiyo nusu anaweza kujionea kwa macho. Atengeneze mraba wa mistari ya mlalo, mmoja mweusi, mmoja mweupe, kila mmoja pikseli moja. Pembeni yake aweke mraba wa 128 na mwingine wa 188, aangalie kwa ukubwa wa asilimia 100, kisha arudi nyuma hatua kadhaa hadi mistari isitofautike. Nusu ya pikseli ni nyeupe na nusu ni nyeusi, kwa hiyo mraba ule unatoa nusu ya mwanga bila hesabu yoyote ya programu. Kwenye skrini iliyopangwa vizuri utalingana na 188, na mraba wa 128 utaonekana giza waziwazi.

Maandishi ni jambo la kufikiria kivyake. Herufi nyeusi juu ya nyeupe zikichanganywa kwa mwanga halisi huonekana nyembamba, kwa sababu kwa miaka mingi wasomaji wamezizoea zile zilizonenepeshwa na giza la ukingoni. Photoshop yenyewe huyatenga maandishi na kuyawekea gama ya 1.45, katikati ya njia hizo mbili. Mpangilio huo uachwe ulivyo. Hapa usomaji mzuri una uzito kuliko usahihi wa fizikia.

Na kuna mahali ambapo msanifu hana mamlaka. Vivinjari vya mtandao huchanganya picha zenye uwazi kwa namba za sRGB, jinsi viwango vya wavuti vinavyotaka. Faili la PNG lenye alfa, hata likitoka GIMP likiwa safi kabisa, litapata uzi likiwekwa juu ya rangi nyingine kwenye ukurasa. Mpangilio wa Photoshop nao hukaa kwenye programu, si kwenye faili, hivyo kazi ikifunguliwa kwenye kompyuta ya mwenzako ambaye hakuweka alama ile, uzi hurudi. Kwa hiyo, unapopeleka kazi kwa mchapishaji au kuipandisha mtandaoni, kwanza unganisha leya zote kuwa picha moja, mtu na mandhari yake pamoja, na upeleke hiyo. Faili lenye leya libaki kwako.